Fungu, Jina na Nafasi: Kufundisha Makumi na Mamoja kwa Vijiti mjini Lubumbashi

1. Kosa la 205

Mtoto wa darasa la pili katika mtaa wa Hewa Bora, mjini Lubumbashi, akitajiwa "makumi mbili na tano" ili aandike kwa tarakimu, huenda akaandika 205. Kosa hili linajulikana kwa walimu wa madarasa ya mwanzo mahali pengi duniani, na mara nyingi huhesabiwa kuwa ni la uzembe au la kutosikiliza. Kwa hakika mtoto huyo amesikiliza vizuri kupita kiasi. Amesikia makumi mbili, akaandika 20. Amesikia tano, akaandika 5. Na kile kiungo "na" amekichukulia kama kinavyochukuliwa katika "baba na mama", yaani kitu kimoja kimewekwa kando ya kingine. Usemi una sehemu mbili, naye ameandika sehemu mbili. Asilolijua bado ni kwamba maandishi ya tarakimu hayanakili usemi. Katika maandishi, neno "makumi" halina alama yake. Mahali inapokaa tarakimu 2 ndipo panapolibeba neno hilo.

Makala haya yanahusu zana moja ya kale na ya bei nafuu, nayo ni vijiti vinavyofungwa kumikumi, pamoja na karatasi ya zoezi la kuoanisha inayoambatana nayo. Zana hiyo husifiwa sana katika vyuo vya ualimu, lakini si mara nyingi huelezwa inafundisha nini na inaishia wapi. Dai linalotetewa hapa ni kwamba fungu la vijiti, jina la namba na nafasi ya tarakimu ni njia tatu tofauti za kusema jambo moja. Fungu hubeba thamani yake mwilini: ukilifungua, kumi zote zimo. Jina huibeba thamani kwa neno. Tarakimu huibeba kwa kiti ilichokalia. Mtoto anayemudu njia moja hajazimudu zile mbili nyingine, na kazi ya mwalimu ni kumvusha kutoka moja hadi nyingine bila kuruka daraja.

2. Majina ya makumi katika lugha mbili za darasani

Kwa wanafunzi wa Kiswahili, upande wa majina ndio wenye utajiri zaidi, na ndio unaosahauliwa na wataalamu wa hisabati. Kiswahili sanifu huunda namba za kumi na moja hadi kumi na tisa kwa uwazi kamili: kumi na moja, kumi na mbili, na kuendelea. Ila kuanzia ishirini uwazi huo unafifia, kwa kuwa majina ya makumi yamekopwa kutoka Kiarabu. Hakuna kitu katika neno ishirini kinachomkumbusha mtoto mbili, wala katika hamsini kinachomkumbusha tano, wala katika arobaini kinachomkumbusha nne. Thelathini na themanini hayamsaidii zaidi. Ni makumi matatu tu yaliyo na mwangwi wa mamoja yao, yaani sitini, sabini na tisini. Na hayo ni kwa sababu sita, saba na tisa nayo yalikopwa kutoka lugha hiyohiyo. Tano, nne na nane ni maneno ya Kibantu, kwa hiyo hayakutani na makumi yao.

Kiswahili cha Lubumbashi kina njia nyingine. Kandokando ya majina ya Kifaransa ambayo wakazi wengi huyatumia kwa bei na tarehe, husikika pia makumi mbili, makumi tatu, makumi ine. Kwa sikio lililozoea usanifu, maumbo haya yana makosa mawili: kwanza yanaacha ishirini na thelathini, pili hayafuati upatanisho wa ngeli, kwani yangalipaswa kuwa makumi mawili na makumi matatu. Mwalimu mwenye bidii huyasahihisha yote mawili kwa mpigo mmoja. Hata hivyo, kwa somo hili hasa, makosa hayo mawili ni neema. Neno makumi linataja wazi kipimo kinachohesabiwa. Na neno mbili, kwa kuwa halikubadilika kuwa mawili, ni lilelile ambalo mtoto alilitumia kuhesabu moja, mbili, tatu. Anaposema "makumi mbili na tatu" huku akiwa na mafungu mawili na vijiti vitatu mkononi, kila neno la usemi wake lina kitu chake mezani. Anaposema "ishirini na tatu", nusu ya kwanza ya usemi haimwonyeshi kitu.

Kwamba umbo la majina lina uzito katika jambo hili si dhana tupu. Mwaka 1988 Irene Miura na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha watoto wasemaji wa Kichina, Kijapani na Kikorea na wenzao wa Marekani. Katika lugha hizo za Asia ishirini na tatu husemwa kwa maana ya "mbili kumi tatu". Watoto walipoombwa kuonyesha namba kwa vipande vya mbao vya makumi na mamoja, wale wa Asia walielekea zaidi kutumia vipande vya makumi, na wale wa Marekani walielekea zaidi kuhesabu mamoja moja baada ya jingine. Baadaye watafiti wengine walionya, na onyo lao ni la haki, kwamba mazoea ya nyumbani na ya shuleni yana sehemu yake pia, na kwamba lugha peke yake haifundishi hesabu. Lakini hata kwa tahadhari hiyo, ni vigumu kuona faida ya kumnyang'anya mtoto jina lililo wazi siku ileile anapoanza kufunga mafungu. Ishirini inaweza kusubiri majuma mawili.

Kwa upande wa Kifaransa mambo yamegeuka. Huko ni namba za chini ya ishirini zilizo na giza. Onzi, duzi, trezi, katorzi, kenzi na sezi, kama zinavyotamkwa mjini, hazitaji kumi kwa namna inayosikika. Uwazi huanza na diseti, yaani kumi na saba. Kongo ilirithi kutoka Ubelgiji maneno septanti na nonanti kwa 70 na 90, ambayo yanafanana na seti na nefu, na kwa hiyo mtoto wa Lubumbashi amepata unafuu kuliko mtoto wa Paris. Imebaki katrevini, yaani 80, ambayo maana yake ni ishirini nne, na ambayo itarudiwa mwishoni.

Sheria iko upande wa Kiswahili. Katiba ya Februari 18, 2006 inakitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba, na Sheria ya Elimu Namba 14/004 ya Februari 11, 2014 inazitambua lugha za taifa au za mazingira kuwa lugha za kufundishia. Kwa vitendo, shule nyingi za binafsi mjini huanza na Kifaransa tangu siku ya kwanza, na hata pale Kiswahili kinapotumiwa, mwalimu aghalabu hufundisha kusoma kwa Kiswahili na kuhesabu kwa Kifaransa. Mtoto hujikuta na majina mawili kwa kila namba kabla hajawa na fungu hata moja.

3. Kutengeneza na kufunga

Vijiti, au tumuti kwa usemi wa watoto wa mjini, hukatwa kutoka kwenye matete, mianzi au njiti ngumu za ufagio. Urefu wa sentimita 10 hadi 12 unafaa: vifupi zaidi huponyoka fungu linapobanwa, virefu zaidi havikai juu ya dawati. Jambo la lazima ni kwamba viwe vya urefu mmoja na unene unaokaribiana, wa milimita 3 hivi, ili fungu moja lionekane sawa na lingine. Kamba za kufungia hupatikana kwa kukata mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli kwa upana, kama mtu anavyokata kitunguu, katika pete za milimita 5. Mpira mmoja, wenye urefu wa takriban mita mbili, hutoa pete zinazokaribia 400. Pete moja huzungushwa mara mbili kwenye fungu na kulishika barabara. Darasa la watoto 50 likigawanywa katika makundi ya watano watano, na kila kundi likapewa vijiti 100, jumla ni vijiti 1,000 na pete 100. Watoto wenyewe wakileta vijiti ishirini kila mmoja, kazi imekwisha.

Kabla ya kufunga, neno "fungu" lenyewe linahitaji kuangaliwa. Mtoto wa Lubumbashi analijua fungu la sokoni: fungu la mboga, fungu la makala, fungu la nyanya. Fungu hilo halina idadi. Muuzaji hulipima kwa jicho, hulipunguza bei inapopanda na huongeza kidogo kwa mteja anayemjua. Fungu la darasani ni kinyume chake kabisa: lina kumi, halipungui wala haliongezwi. Walimu hudhani kwamba jambo hili linajieleza lenyewe. Halijielezi. Njia ya kulithibitisha ni kuweka mezani, bila kutangaza, fungu moja lenye vijiti tisa na kuwaacha watoto walihesabu pamoja na mengine. Kundi litakalolikubali bila kulifungua bado liko sokoni.

Hatua ya kwanza, basi, ni kuhesabu lundo lililo huru, kwa mfano vijiti 34, kimoja kimoja. Mtoto anapofika kumi, anafunga, anaweka kando, na kuanza upya. Mwishoni ana mafungu matatu na vijiti vinne, na hapo ndipo hutajwa jina: makumi tatu na ine. Baadaye huulizwa swali ambalo ndilo kipimo cha hatua hii: "Vyote ni vingapi?" Wapo watakaojibu "saba", kwa kuwa wanaona vitu saba mezani. Wapo watakaofungua mafungu yote na kuhesabu upya kuanzia moja; hao hawajakosea, lakini fungu kwao bado halijawa kitu kimoja kinachoaminika. Wa tatu watagusa mafungu wakisema kumi, makumi mbili, makumi tatu, kisha watagusa vijiti. Tofauti kati ya mtoto wa pili na wa tatu haionekani kwenye jibu lililoandikwa daftarini, maana wote wawili huandika 34. Huonekana kwa kuangalia mikono.

Hatua ya pili ni kufungua, nayo huachwa mapema mno. Toa 17 katika 42. Mezani kuna mafungu manne na vijiti viwili. Vijiti saba vinatakiwa, navyo havipo. Pete moja inavuliwa: sasa ni mafungu matatu na vijiti kumi na viwili, na idadi bado ni ileile 42. Vijiti saba vinaondolewa, vinabaki vitano. Fungu moja linaondolewa, yanabaki mawili. Jibu ni 25. Uzito wa zoezi hili hauko katika jibu, uko katika ile hali ya katikati, mafungu matatu na vijiti kumi na viwili, ambayo haiwezi kuandikwa moja kwa moja kwa tarakimu. Akiijaribu, mtoto ataandika 312. Hapo fungu na nafasi zimeachana kwa mara ya kwanza mbele ya macho yake.

4. Pale vijiti vinapoishia

Jambo linalosemwa kwa nadra ni kwamba vijiti peke yake havifundishi nafasi. Weka mafungu mawili kushoto na vijiti vitatu kulia: ni 23. Yapeleke mafungu kulia na vijiti kushoto: ni 23 vilevile. Vitawanye sakafuni: bado ni 23. Fungu halihitaji kiti, kwa kuwa thamani yake inaonekana kwa umbo. Tarakimu haina umbo la namna hiyo. 2 ya makumi na 2 ya mamoja ni alama moja. Hali kadhalika, vijiti havina sifuri. Mafungu manne bila kijiti chochote ni makumi ine kamili. Hakuna pengo mezani, na hakuna mtoto atakayesikia haja ya kuweka kitu mahali pa kisichokuwapo. Sifuri ni mahitaji ya maandishi.

Mtoto anaweza kufunga na kufungua mwezi mzima kwa furaha na kwa usahihi, kisha akaandika 205. Kinachohitajika katikati ni ubao wa safu: karatasi ngumu au ubao wa kawaida uliogawanywa kwa mstari wima, safu ya kushoto ikiitwa makumi, ya kulia mamoja. (Neno mamoja, ambalo ni la kawaida katika vitabu vya hesabu vya Tanzania, litakuwa geni Lubumbashi, mwalimu anaweza kuanza na "tumuti" na kulileta mamoja baadaye.) Mafungu hukaa safu ya makumi tu, vijiti huru safu ya mamoja tu, na chini ya kila safu huandikwa tarakimu moja, si zaidi ya moja. Sharti hilo la tarakimu moja ndilo linalolazimisha kufunga vijiti vinapofika kumi, na safu iliyo tupu ndiyo inayolazimisha sifuri. Kwa yule wa 205, huongezwa kadi mbili: moja imeandikwa 20, nyingine 5, nayo ya 5 ina upana wa nusu ya ile ya kwanza. Kadi ya 5 hulazwa juu ya sifuri ya kadi ya 20 na kuifunika. Mtoto anaona 25, na akiinua kadi ndogo anaona kwamba 20 haikwenda popote.

5. Karatasi ya zoezi

Zoezi la kuoanisha huja baada ya ubao wa safu, na kazi yake ni kumweka mtoto mbele ya mchoro na tarakimu bila safu za kumwongoza. Mazoezi mengi ya aina hii yana kasoro moja: michoro mitano, namba tano, mafungu daima kushoto na vijiti daima kulia. Karatasi ya namna hiyo inaweza kufanywa bila kosa na mtoto anayehesabu vitu vya kushoto, akaandika, akahesabu vya kulia, akaandika. Yeye hajui fungu ni nini, na wala hana haja ya kujua. Aidha, mstari wa mwisho hupatikana bure kwa kuwa imebaki namba moja tu.

Ifuatayo ni karatasi iliyopangwa ili kila kosa liwe na mahali pa kuangukia. Upande wa kushoto kuna michoro sita:

A. mafungu 2, kisha vijiti 3
B. mafungu 3, kisha vijiti 2
C. mafungu 4, bila kijiti
D. vijiti 4, bila fungu
E. vijiti 5 kushoto, fungu 1 kulia
F. mafungu 2, kisha vijiti 13 vilivyo huru

Upande wa kulia kuna namba nane, kwa utaratibu huu kutoka juu hadi chini: 51, 40, 23, 33, 4, 15, 32, 213. Namba ni nyingi kuliko michoro, na hakuna mchoro unaoelekeana na namba yake. Oanisho sahihi ni A na 23, B na 32, C na 40, D na 4, E na 15, F na 33. Zinabaki 51 na 213, ambazo si za mchoro wowote.

Mstari wa E kwenda 51 unaonyesha mtoto anayesoma mchoro kama maandishi, kutoka kushoto kwenda kulia. Kwake nafasi imekuja kabla ya fungu. Dawa yake si karatasi nyingine, bali ni kurudi mezani na kuvihamisha vijiti huku na huku, akiulizwa kila mara kama idadi imebadilika. Mstari wa F kwenda 213 ni wa mtoto ambaye amehesabu vizuri sehemu zote mbili lakini hajafunga kumi iliyomo katika vile 13. Ni ndugu wa yule wa 205 na wa 312, naye hurudishwa kwenye sharti la tarakimu moja kwa kila safu. Mstari wa F kwenda 15 ni mzito zaidi, kwa maana 2 na 13 hufanya 15: mtoto huyu amehesabu fungu kama kitu kimoja sawa na kijiti kimoja. Aghalabu huyohuyo ataunganisha C na 4, na D atakosa pa kuipeleka. Makosa haya mawili yakionekana pamoja, hakuna haja ya kumsogeza mbele kwa siku kadhaa.

Kuna jambo la kuangaliwa kwa uangalifu zaidi. Mtoto aliyeunganisha A na 32, B na 23, halafu E na 15, atahesabiwa kuwa amekosa mawili na kupata moja. Lakini E yake si ya kupata. Anayesoma mchoro kutoka kulia kwenda kushoto ataiona fungu 1 kisha vijiti 5, na atafika 15 kwa njia ileile iliyompeleka A kwenye 32. Karatasi husomwa kwa kulinganisha mistari, si kwa kuhesabu alama za vyema. Mwalimu anayetoa 4 kwa 6 na kufunga daftari amepoteza kitu chenyewe alichokitafuta.

Mchoro wa fungu nao una mtego wake. Kuchora vijiti kumi mara kumi na mbili ubaoni kunachosha, na walimu hufupisha: mistari mitatu au minne na mkanda katikati. Mtoto anayehesabu hupata tatu. Ni heri kuchora mstari mmoja mnene wenye mkanda, na kukubaliana na darasa, fungu halisi likiwa mkononi, kwamba huo ndio utakuwa alama ya kumi. Na pasipo na mashine ya kunakili, hali iliyo ya kawaida, michoro na namba huandikwa ubaoni, nao watoto huandika daftarini herufi na namba tu: A 23, B 32. Hasara ni kwamba jirani hunakili kwa urahisi. Kwa hiyo mwalimu anaweza kubadilisha herufi za safu moja ya madawati.

Kuoanisha kuna mpaka wake pia. Mtoto anaweza kujua kwamba 16 ni jina la picha fulani bila kujua 1 inasema nini. Constance Kamii alilidhihirisha hilo katika miaka ya 1980 kwa jaribio jepesi, ambalo linastahili kuwekwa chini ya kila karatasi ya namna hii. Mtoto huwekewa vitu 16 vilivyo huru na namba 16 iliyoandikwa. Huonyeshwa tarakimu 6 na kuombwa aonyeshe vitu vinavyotajwa nayo, huonyesha sita. Huonyeshwa tarakimu 1. Watoto wengi wa madarasa ya mwanzo huonyesha kitu kimoja. Vitu tisa vinabaki mezani bila mwenyewe, na wengi wao hawaoni ajabu. Mjini Lubumbashi swali hilo laweza kuulizwa kwa vijiti na kwa maneno machache, "Hii moja inasema tumuti ngapi?", na jibu lake lina thamani kuliko mistari yote sita.

6. Kuvuka kwenda Kifaransa

Mafungu kumi yakifungwa pamoja kwa kamba hufanya tita la mia. Inafaa litengenezwe mara moja, lipitishwe mikononi na kulazwa juu ya rafu. Zaidi ya hapo vijiti huwa mzigo, na kufundisha mamia kwa vijiti ni kupoteza saa. Mia ina ugumu wa namna yake katika mji huu. Bei za sokoni siku hizi huanzia kwenye mamia ya faranga, na noti za thamani ndogo zimetoweka mikononi mwa watu. Kwa hiyo mtoto huweza kutaja mia tano kwa Kifaransa, na kujua inanunua nini, muda mrefu kabla hajajua kwamba mia ina makumi kumi. Fedha, inayotumiwa mahali pengine kama zana ya kufundishia makumi, hapa haisaidii.

Darasa linapohamia Kifaransa, mafungu hayafai kuondolewa mezani, maana giza la onzi hadi sezi linahitaji kumulikwa. Fungu moja na kijiti kimoja huwekwa, husemwa "kumi na moja", huandikwa 11, ndipo jina onzi huongezwa kama jina la pili la kitu kinachojulikana. Kwa septanti na nonanti, mtoto huhesabu mafungu saba au tisa na kusikia mwangwi. Kwa katrevini, mafungu manane hupangwa mawili mawili, yakafanya jozi nne. Mtoto hugusa kila jozi akisema ishirini, na kwa mara ya nne jina la Kifaransa limekamilika. Kisha jozi huachanishwa na mafungu huhesabiwa tena, makumi moja hadi makumi nane, kwa kuwa ubaoni, chini ya safu ya makumi, kinachoandikwa ni 8 wala si 4.